LD, FBD au ST? Jinsi ya kuchagua lugha ya PLC kwa kazi iliyo mbele yako

Anayeanza kujifunza PLC, ile kompyuta ndogo inayoendesha mashine, huuliza maswali yale yale: nianze na lugha gani, ipi ni bora, na je, ST itaifuta ile ya ngazi? Jibu fupi ni kwamba lugha haichaguliwi kwa mradi mzima. Inachaguliwa kwa kila kipande cha kazi, na mradi mmoja unaweza kubeba zote tatu bila tatizo. Kiwango cha kimataifa cha IEC 61131-3, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1993, kiliziweka lugha hizi pamoja ili zifanye kazi ndani ya programu moja.

Mwongozo huu unafuata kazi moja tangu mwanzo hadi mwisho: kituo cha kusukuma maji chenye pampu tatu. Ukielewa kwa nini kila kipande kimeangukia lugha yake, utaweza kufanya hivyo hivyo kwa kazi yako.

Majina kwanza, ili tusipotezane

LD ni lugha ya ngazi, ile mafundi wengi huiita lada. Ina nguzo mbili za umeme na vipago kati yake, na juu ya kila kipago kuna kontakti na koili. Kwenye programu ya Siemens utaiona imeandikwa LAD. FBD ni michoro ya bloku: visanduku vilivyounganishwa kwa mistari, ishara ikiingia kushoto na kutokea kulia. ST ni lugha ya maandishi, inayofanana kidogo na Paskali. Siemens wanaiita SCL.

Ukikutana na IL, lugha ya orodha ya maagizo, kwenye mashine ya zamani, isome tu uelewe mashine inafanya nini. Usianze mradi mpya nayo, kwa sababu kiwango chenyewe kiliitangaza kuwa ya kuachwa katika toleo la 2013.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Orodha ya waya zote zinazoingia na kutoka kwenye PLC, kila moja na jina lake.
- Maelezo ya kazi yaliyoandikwa kwa Kiswahili cha kawaida, si kwa msimbo.
- Modeli kamili ya PLC na toleo la programu yake.
- Jibu la swali hili: nani atakayefungua paneli mashine ikisimama saa nane usiku?
- Kompyuta ya kujaribia. Kama huna PLC mkononi, CODESYS inapakuliwa bure na ina sehemu ya kuigiza PLC ndani ya kompyuta. OpenPLC Editor nayo ni ya bure na inakubali lugha zote tatu.

Kituo chetu

Pampu tatu, kila moja na inverta yake ya kubadili kasi ya mota, zinavuta maji kwenye tenki la chini na kuyasukuma kwenye bomba la mji mdogo. Bomba lina transmita ya presha ya 0 hadi 10 bar inayotoa 4–20 mA. Tunataka presha ibaki 3.5 bar. Mchana pampu moja inatosha. Asubuhi na jioni zinahitajika mbili. Tenki lina swichi ya boya inayosema kama maji yapo. PLC ni S7-1200 ya Siemens.

Hatua ya 1: Andika kazi sentensi moja moja

Chukua karatasi. Kila jambo ambalo mashine inapaswa kufanya, lipe sentensi yake. Kwa kituo chetu zinatoka kama hivi:

a) Pampu isiwake kama tenki halina maji, kama inverta yake ina hitilafu, au kama kitufe cha dharura kimebonyezwa.
b) Swichi ya paneli ikiwa kwenye MKONO, fundi awashe pampu mwenyewe kwa kitufe; ikiwa kwenye AUTO, PLC iamue.
c) Presha isomwe, igeuzwe kuwa bar, na kasi ya pampu ipande au ishuke ili ibaki 3.5.
d) Kasi ikifika juu kabisa na presha bado iko chini kwa sekunde 20, pampu ya pili iombwe.
e) Pampu inayofuata kuwaka iwe ile iliyofanya kazi saa chache zaidi kati ya zinazoruhusiwa.

Sentensi yenye "na pia" mbili au tatu igawe. Ukishindwa kuigawa, bado hujaielewa kazi yenyewe, na hakuna lugha itakayokuokoa hapo.

Hatua ya 2: Angalia PLC yako inakubali nini

Fanya hivi kabla hujaipenda lugha yoyote. S7-1200 inakubali LAD, FBD na SCL. LOGO! ya Siemens inapangwa kwa FBD au LAD tu. Modicon M221 ya Schneider, kupitia programu yake ya Machine Expert - Basic, inakupa ngazi na IL, na ST haimo. Mtu anayenunua M221 kwa sababu ya bei, kisha akapanga kuandika mahesabu yake kwa ST, atagundua kosa vifaa vikiwa vimeshafungwa ukutani.

Angalia pia leseni. Kuna programu ambazo toleo la bei ya chini linafungua ngazi peke yake, na lugha nyingine zinalipiwa.

Hatua ya 3: Ipe kila sentensi umbo lake

Hapa ndipo uamuzi unapofanyika. Isome kila sentensi ukijiuliza: kinachotembea ndani yake ni nini?

Kama ni ndiyo na hapana, yaani swichi, ruhusa, vizuizi, washa na zima, hiyo ni kazi ya LD. Sentensi (a) na (b) ziko hapa.

Kama ni namba inayotiririka kutoka sensa hadi kwenye kifaa, ikipitia vituo vya kuipima, kuibadili na kuidhibiti, hiyo ni kazi ya FBD. Sentensi (c) ni ya aina hii waziwazi. Sentensi (d) nayo inaingia, kwa kuwa inalinganisha namba mbili na kupitisha jibu kwenye taima.

Kama ni orodha ya vitu vinavyofanana, hesabu ndefu, kurudia jambo lile lile mara nyingi, au kuchagua kwa masharti yaliyopandana, hiyo ni kazi ya ST. Sentensi (e) ni mfano mzuri.

Kuna kazi ya umbo la nne: hatua zinazofuatana, kama mashine ya kuosha chupa inayojaza, kusugua, kumwaga na kukausha. Hiyo iandike kwa SFC, lugha ya kuchora hatua zinazofuatana, kama ipo, au kwa ST ukitumia `CASE`. Kuiandika kwa ngazi inawezekana, na wengi wamefanya hivyo, ila kila hatua inahitaji biti yake na masharti ya kuiingia na kuitoka. Hatua zikipita sita au saba, kuitafuta iliyokwama kati ya biti hizo ni kazi ngumu.

Hatua ya 4: Mpime atakayeitunza

Sasa chukua jibu la swali la saa nane usiku, ulitumie kurekebisha ulichoamua. Lugha ya ngazi ilichorwa makusudi ifanane na michoro ya relei, ili fundi umeme aliyezoea relei na kontakta aisome bila kusomea upya. Ukiifungua wakati PLC inafanya kazi, kipago kinachopitisha umeme kinawaka rangi. Fundi anafuata rangi hadi inapokatika, anaona jina la kontakti iliyofunguka, na anajua swichi ya kwenda kukagua.

Kwa sababu hiyo nina msimamo mmoja ambao siuachi: kila kitu kinachoweza kuizuia mota isiwake kiwe kwenye ngazi, hata kama mwandishi anaipenda ST kuliko chochote. Mashine ikisimama, swali la kwanza la fundi huwa "kwa nini haiwaki?", na ngazi inamjibu kwa jicho. ST nayo huonyesha thamani za vigeu pembeni mwa mistari, lakini inabidi msomaji apige hesabu ya masharti kichwani.

Kinyume chake, usimchoree fundi ngazi ya hesabu. Vipago kumi na tano vya kujumlisha, kugawanya na kuhamisha namba havisomeki kwa urahisi kwa sababu tu vina nguzo mbili pembeni.

Hatua ya 5: Andika kipande cha LD

Kwa kila pampu tunahitaji vipago viwili. Cha kwanza kinatengeneza ruhusa, cha pili kinaiwasha:

```
 Dharura_OK   Maji_Yapo   Inv1_OK              Ruhusa1
----| |----------| |--------| |------------------( )----

 Ruhusa1    Auto     Ombi1                     P1_Run
----| |--+--| |------| |--------------+----------( )----
         |                            |
         +--| |---| |-----+--| |------+
           Mkono  Zima1   |  Washa1   |
                          +--| |------+
                             P1_Run
```

Itazame njia ya chini. Ukibonyeza `Washa1`, pampu inawaka, na kontakti ya `P1_Run` iliyo sambamba nayo inaishikilia baada ya wewe kuachia kitufe.

Angalia `Zima1`. Imechorwa kama kontakti iliyo wazi, na hapa ndipo wanaoanza hukwama wengi. Kitufe cha kuzima hufungwa paneli kwa kontakti iliyojifunga, ili waya ukikatika pampu izime. Kwa hiyo kitufe kisipobonyezwa, PLC inaona 1. Ukichora `Zima1` kwa alama ya kontakti iliyojifunga kwa sababu kitufe chenyewe ni cha aina hiyo, umegeuza mara mbili: pampu haitawaka kwa mkono hadi mtu ashikilie kitufe cha kuzima. Kanuni hiyo hiyo inahusu `Dharura_OK`, `Maji_Yapo` na `Inv1_OK`: zote ni 1 mambo yakiwa salama.

Onyo: `Dharura_OK` ni taarifa tu kwa PLC. Kitufe cha dharura chenyewe lazima kikate kwa waya, kupitia relei ya usalama, bila kuitegemea programu. Hakuna lugha kati ya hizi tatu inayogeuza PLC ya kawaida kuwa kifaa cha usalama.

Onyo la pili: koili moja iandikwe mahali pamoja. Ukiweka `P1_Run` kwenye koili ya kipago cha pili na tena kipago cha ishirini, PLC inasoma kutoka juu kwenda chini na cha mwisho ndicho kinachoshinda. Utaona kipago cha pili kinawaka rangi na pampu imelala.

Hatua ya 6: Andika kipande cha FBD

Njia ya presha inakwenda hivi. `NORM_X` na `SCALE_X` zinageuza namba ghafi kuwa bar, na `PID_Compact` ni bloku ya PID, inayolinganisha presha na lengo na kurekebisha kasi ili zilingane:

```
%IW96 -> NORM_X (0..27648) -> SCALE_X (0.0..10.0) -> Presha

Presha      -> PID_Compact.Input
Lengo (3.5) -> PID_Compact.Setpoint
               PID_Compact.Output -> Kasi (0..100 %)
```

Kwenye S7-1200, moduli ya analogi inatoa 0 pale ambapo transmita inatoa 4 mA, na 27648 inapotoa 20 mA. Kwa hiyo 3.5 bar itaonekana kama takribani 9677. Ikariri namba moja ya namna hii kwa mradi wako. Itakusaidia kujua mara moja kama kosa liko kwenye waya au kwenye programu. Kumbuka pia kwamba ingizo za analogi zilizo kwenye mwili wa S7-1200 ni za 0–10 V. Kwa 4–20 mA unahitaji moduli ya ziada kama SM 1231.

Kwa nini FBD hapa? Unaweza kuita PID kwa ST na ikafanya kazi ile ile. Lakini ukiwa na mchoro, kila mstari kati ya bloku unaonyesha thamani yake kwa wakati huo: 9677, kisha 0.35, kisha 3.5. Namba ikiharibika, unaona ni bloku ipi iliyoiharibu. Mhandisi wa mitambo ambaye hajawahi kupanga PLC ataufuata mchoro huo kwa kidole.

Ongeza ukaguzi wa transmita kwenye mchoro huo huo. Mkondo ulio chini ya 3.6 mA au juu ya 21 mA si presha, ni hitilafu. Kwa namba za PLC hii, hizo ni chini ya −691 au juu ya 29376. Bloku mbili za kulinganisha na bloku moja ya `OR` zinakupa ishara ya `Transmita_Mbaya`. Bila ukaguzi huu, waya ukikatika usomaji unaweza kushuka chini kabisa, PID ikaamini bomba halina presha, na pampu zikapanda kasi hadi mwisho huku bomba likipasuka upande wa pili.

Sentensi (d) inafuata: `Kasi` iwe zaidi ya 98 na `Presha` iwe chini ya `Lengo`, vyote viingie kwenye `AND`, kisha kwenye taima ya `TON` ya sekunde 20. Taima ikifika, `Hitaji`, yaani idadi ya pampu zinazotakiwa, inapanda kutoka 1 kuwa 2. Ikihitajika kushuka, mnyororo kama huo unaangalia kasi iliyo chini kwa muda mrefu zaidi.

Onyo: PID inahitaji kuitwa kwa muda usiobadilika. OB ni bloku ambayo PLC huiita yenyewe. Iweke PID kwenye OB ya muda maalum, kwa mfano kila 100 ms, si kwenye OB1, ile inayorudiwa mfululizo na ambayo mzunguko wake hurefuka na kufupika.

Onyo jingine la FBD: bloku zina mpangilio wa utekelezaji. Ukirudisha mstari kutoka tokeo la bloku ya mwisho hadi ingizo la ya kwanza, bloku ya kwanza itatumia thamani ya mzunguko uliopita. Kwa presha ya maji hilo halidhuru. Kwa kuhesabu chupa zinazopita kwa kasi, linaweza kukupotezea moja.

Hatua ya 7: Andika kipande cha ST

Kabla ya kuandika, hebu tuone ngazi ingefanyaje sentensi (e). Ili kusema pampu 1 ina saa chache zaidi, unalinganisha saa zake na za pampu 2 na za pampu 3, huku ukikumbuka kuiruka pampu isiyoruhusiwa au iliyokwishaombwa. Kisha unarudia kwa pampu 2, na kwa pampu 3. Ukitumia alama ya "ndogo au sawa", siku ya kwanza ya mradi saa zote ni sifuri, na pampu zote tatu zitachaguliwa pamoja. Ukitumia "ndogo" peke yake, hakuna itakayochaguliwa. Mradi ukiongeza pampu ya nne, kila kipago kinabadilika.

Kwa ST:

```
Chaguo := 0;
Idadi := 0;
FOR i := 1 TO 3 DO
  IF NOT Ruhusa[i] THEN
    Ombi[i] := FALSE;
  ELSIF Ombi[i] THEN
    Idadi := Idadi + 1;
  ELSIF Chaguo = 0 THEN
    Chaguo := i;
  ELSIF Saa[i] < Saa[Chaguo] THEN
    Chaguo := i;
  END_IF;
END_FOR;

IF Idadi < Hitaji AND Chaguo > 0 THEN
  Ombi[Chaguo] := TRUE;
END_IF;
```

Kitanzi kinapita pampu zote mara moja. Iliyopoteza ruhusa inafutiwa ombi, zilizokwishaombwa zinahesabiwa, na kati ya zilizobaki inashikwa yenye saa chache. Zikilingana, ya kwanza inachukua. Pampu inayofanya kazi ikipata hitilafu, `Idadi` inashuka, na kwenye mzunguko huo huo nyingine inaombwa. Pampu ya nne ikija, panua safu zako na ubadilishe 3 kuwa 4. Kuipunguza pampu `Hitaji` inaposhuka ni kitanzi cha namna hiyo hiyo, kinachotafuta yenye saa nyingi kati ya zilizoombwa.

Kuna sababu ya kuitenga `Chaguo = 0` kwenye mstari wake. Wengi wangeandika `Chaguo = 0 OR Saa[i] < Saa[Chaguo]` kwa mkupuo. Kwenye PLC nyingi pande zote mbili za `OR` hukokotolewa hata kama upande wa kwanza umeshatosha, na hapo PLC itaisoma `Saa[0]`, nafasi ambayo haipo kwenye safu yetu. Baadhi ya PLC husimama kabisa kwa kosa hilo.

Vigeu vya `Saa` viwe vya kudumu, yaani `RETAIN`, la sivyo umeme ukikatika vinarudi sifuri na zamu za pampu zinapotea. `Ombi` na `Hitaji` visiwe vya kudumu. Umeme ukirudi, `Hitaji` ianzie 1, pampu moja iwake kwanza na ya pili ingoje taima yake, badala ya zote kuvuta umeme kwa pamoja.

Makosa matatu ya ST yanayowapata hasa waliotoka kwenye Paithoni au Arduino:

Kosa la kwanza ni kungoja ndani ya kitanzi. Ukiandika `WHILE NOT Sensa DO ... END_WHILE;`, PLC itakwama humo. Ingizo husomwa mwanzoni mwa mzunguko, kwa hiyo `Sensa` haitabadilika kitanzi kikiwa kinazunguka. Mzunguko ukizidi muda uliowekwa, ambao kwa S7-1200 ni 150 ms usipoubadilisha, PLC inatangaza kosa. Tumia `FOR` kwa orodha yenye mwisho, na kungoja kuwe kwa `IF` inayoulizwa kila mzunguko.

Kosa la pili ni kuwasha bila kuzima. Koili ya ngazi huandikwa kila mzunguko: umeme ukikatika inazima yenyewe. Kwa ST, `IF A THEN B := TRUE; END_IF;` inaiacha `B` ikiwaka milele. Andika `B := A;`.

Kosa la tatu ni kuifungia taima ndani ya `IF`:

```
// Si sahihi
IF Presha < 1.5 THEN
  T1(IN := TRUE, PT := T#10S);
END_IF;

// Sahihi
T1(IN := Presha < 1.5, PT := T#10S);
```

Kwa mfano wa kwanza, presha ikipanda taima haiitwi tena, kwa hiyo haipati nafasi ya kurudi sifuri. Tahadhari itabaki ikiwaka, au wakati mwingine itapigwa mapema mno.

Hatua ya 8: Viunganishe kwa mipaka iliyo wazi

Kila lugha iwe na bloku yake yenye jina linaloeleza kazi, na kila ishara iwe na mwandishi mmoja tu. Kwa kituo chetu, LD ya kwanza inaandika `Ruhusa`. FBD inaandika `Presha`, `Kasi` na `Hitaji`. ST inaandika `Ombi`. LD ya mwisho peke yake ndiyo inayogusa matokeo halisi yanayokwenda kwenye inverta. Ziite kwa mpangilio huo ndani ya OB1, PID ikiwa kwenye OB yake. Kwenye ngazi nimeandika `Ruhusa1` na `Ombi1` ili michoro isomeke; kwenye PLC ziwe ni nafasi za safu ile ile, `Ruhusa[1]` na `Ombi[1]`.

Ukiipanga hivi, hata ST ikikosea na kuomba pampu isiyofaa, ombi hilo bado linapita kwenye kipago chenye `Ruhusa`. Pampu haitazunguka bila maji.

Kwenye TIA Portal, programu ya Siemens ya kupangia S7-1200, unaweza pia kuingiza kipande cha SCL kama `Network` moja ndani ya bloku ya LAD. Inafaa kwa hesabu ya mistari mitatu au minne. Kitanzi kama chetu kipe bloku yake.

Hatua ya 9: Kijaribu kila kipande peke yake

LD: zima ruhusa moja moja na uone pampu inalala kila mara. FBD: lazimisha namba 0, 9677 na 27648, utarajie 0, 3.5 na 10 bar. ST: weka saa 120, 80 na 80, uone pampu 2 inachaguliwa, kisha iondolee ruhusa pampu 2, uone 3 inashika nafasi. Fanya haya kwenye uigizaji kabla ya kwenda kituoni.

Mambo yakienda kombo

*Ngazi inaonyesha koili inawaka, kifaa hakiwaki.* Tafuta jina la koili hiyo kwenye orodha ya marejeo ya programu. Karibu kila mara utakuta imeandikwa mahali pengine, mara nyingi kwenye ST iliyoongezwa baadaye.

*Presha inasomeka juu au chini kwa uwiano ule ule muda wote.* Linganisha mipaka ya `SCALE_X` na bamba la transmita. Transmita ya 0–16 bar iliyopangwa kama 0–10 itaonyesha 2.2 pale ambapo geji inasema 3.5.

*Pampu zinabadilishana kila sekunde chache.* Hakuna muda kati ya kupanda na kushuka kwa `Hitaji`. Ipe taima ya kushuka muda mrefu kuliko ya kupanda, na utenganishe viwango vya kasi vya kupanda na kushuka.

*Ninafuatilia kitanzi cha ST na naona thamani za pampu 3 tu.* Ndivyo inavyoonekana: skrini inaonyesha mara ya mwisho kitanzi kilipopita. Fungua safu nzima ya `Saa` na `Ombi` kwenye jedwali la kufuatilia.

*Nimeandika kwa SCL, sasa fundi anataka ngazi.* TIA Portal inageuza bloku ya LAD kuwa FBD na kurudi, lakini ya SCL haigeuzwi. Itabidi uiandike upya, kwa hiyo swali la Hatua ya 4 lijibiwe kabla ya mstari wa kwanza.

*Mtu anasema ST ina kasi zaidi, nihamishe kila kitu?* Kwa pampu, vali na mikanda ya kawaida, mzunguko wa PLC ya leo ni milisekunde chache kwa lugha yoyote. Kinachourefusha ni vitanzi vikubwa na mawasiliano, na hivyo vitaurefusha popote utakapoviandika. Viache vipago vya ruhusa mahali fundi anapoweza kuviona.